Mkataba wa jimu unaojirefusha wenyewe Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa Waswahili wanaoishi Ujerumani: wanafunzi, wauguzi walio kwenye mafunzo, yaya wa mwaka mmoja na wazee waliokaa huku miaka thelathini. Wengi wamenaswa na jimu, wachache na programu za simu. Majibu yanahusu mtu binafsi, si anayesaini kwa niaba ya biashara yake.

## Kwanza tuelewane

1. Si nilitia saini mwenyewe? Basi nimefungwa na kila kilichoandikwa humo.

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Sheria ya Ujerumani inatofautisha maneno mliyokaa mkayajadili na maneno yaliyochapwa tayari kwa ajili ya wateja elfu. Yale ya pili hayakupata nafasi ya kujadiliwa: ama unasaini, ama unaondoka. Kwa hiyo Kanuni ya Kiraia, inayofupishwa BGB, inayakagua kuanzia kifungu cha 305 hadi 310. Sharti linalombana mteja kupita kiasi, au lililofichwa mahali ambapo hakuna mtu angelitarajia, ni batili hata kama saini yako iko chini yake.

Ukaguzi huo hauigusi bei yenyewe. Ukikubali yuro 60 kwa mwezi ilhali jirani analipa 20, ukaguzi huo hauna la kukusaidia.

2. Mkataba ulikuwa wa Kijerumani na sikuelewa hata nusu yake. Hiyo si sababu ya kuuvunja?

Kwa kawaida si sababu. Aliyesaini karatasi asiyoielewa anachukuliwa kuwa amekubali hatari hiyo, na kisingizio cha lugha hakifiki mbali. Lakini ulinzi wa swali la 1 haukuulizi unajua Kijerumani kiasi gani. Sharti batili ni batili kwa profesa na kwa mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege juzi. Kwa hiyo acha kubishana kuhusu lugha, tazama masharti.

Neno la kulitafuta kwenye karatasi ni `Kündigung`, kuvunja mkataba, pamoja na `Laufzeit`, muda wa mkataba. Ukiyapata hayo mawili umepata kiini cha jambo.

3. Mkataba wangu unasema utajiongeza mwaka mzima nisipotoa notisi miezi mitatu kabla. Ni halali?

Tazama tarehe uliyosaini. Ikiwa ni 1 Machi 2022 au baadaye, si halali. Kifungu cha 309 namba 9 cha BGB kilibadilishwa, na kwa mikataba ya huduma za mara kwa mara kinasema hivi: kipindi cha kwanza kisizidi miaka miwili, kipindi hicho kikiisha, mkataba unaweza kuendelea wenyewe ikiwa tu unaendelea bila kikomo na mteja anaweza kutoka wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja, na notisi ya kutoka mwishoni mwa kipindi cha kwanza nayo isizidi mwezi mmoja.

Kwa hiyo kujirefusha kwenyewe hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kukufungia mwaka mwingine kwa sababu ulisahau tarehe. Wala kipindi cha kwanza hakikufupishwa: ukisaini miezi 24 leo, hiyo 24 utailipa, isipokuwa una sababu kama za maswali ya 13 na 14.

Bima haimo kwenye kanuni hii. Simu na intaneti zina sheria yake, iliyoanza 1 Desemba 2021, nayo inafikia karibu palepale: baada ya kipindi cha kwanza, unatoka kwa notisi ya mwezi mmoja.

4. Mimi nilisaini mwaka 2019 na mkataba umekuwa ukijirefusha tangu hapo.

Wewe uko chini ya kanuni ya zamani, iliyoruhusu kurefushwa kwa mwaka mmoja mmoja na notisi ya hadi miezi mitatu. Hesabu siku ya mwisho ya mwaka wako wa mkataba, rudi nyuma miezi mitatu, na notisi iwe imefika kabla ya hapo. Usingoje, itume leo.

Ila jiulize kama kweli mkataba bado ni ule wa 2019. Ukihamia tawi jingine au ukichukua kifurushi chenye bei tofauti, mara nyingi ulisaini karatasi mpya. Karatasi mpya ni tarehe mpya, na inakata kuwili: umeingia kwenye kanuni ya sasa, lakini huenda pia umeanzisha kipindi kipya cha kwanza bila kujua.

5. Na sisi tulio nje ya Ujerumani?

Kanuni hizi zinakwenda sambamba na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 93/13 ya mwaka 1993, ambayo yanataja waziwazi, miongoni mwa masharti yanayotiliwa shaka, mkataba unaojirefusha huku siku ya mwisho ya kukataa ikiwekwa mapema mno. Kila nchi mwanachama imeyaweka kwa namna yake. Uholanzi ilifika mapema: tangu 1 Desemba 2011, mkataba uliojirefusha kimya kimya kwa kawaida unavunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja.

Kenya ina Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Hizo ni nyumba nyingine. Usimpelekee mwenye jimu wa Mombasa kifungu cha 309.

6. Sharti likiwa batili, mahakama hulirekebisha liwe la haki?

Hailirekebishi, inalifuta. Mfanyabiashara aliyeandika mwaka mzima hapewi mwezi mmoja kama zawadi ya kufarijiwa. Kama ingekuwa hivyo, kila mtu angeandika sharti la kikatili na kungoja aone nani atalalamika. Mkataba uliobaki unaendelea kuishi, na pengo linajazwa na sheria ya kawaida.

Nitoe kisa kimoja nilichokishughulikia. Binti aliye kwenye mafunzo ya uuguzi alisaini tarehe 10 Aprili 2023: miezi 12, yuro 29.90 kwa mwezi. Jimu ile ilikuwa bado inatumia fomu ya zamani, mwaka mzima na notisi ya miezi mitatu. Zamu za usiku zikamtoa mazoezini, tarehe ikapita. Notisi yake ilifika 20 Mei 2024. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa: tumeipokea, mkataba wako utaisha 9 Aprili 2025.

Tulijibu kwa mistari minne. Mkataba ni wa baada ya 1 Machi 2022, sharti la kurefusha ni batili kwa kifungu cha 309 namba 9, kwa hiyo mkataba unaisha si zaidi ya 20 Juni 2024, tafadhali thibitisheni. Wiki moja baadaye walithibitisha 20 Juni. Tofauti ni miezi tisa na ushee, zaidi ya yuro 269. Kwa mtu wa mafunzo hiyo si pesa ya kuokota.

Tungeweza kwenda mbali zaidi. Kama sharti la kurefusha limefutwa lote, inaweza kudaiwa kwamba mkataba ulikufa wenyewe 9 Aprili 2024 na kila senti iliyokatwa baadaye irudishwe. Lakini binti alikuwa ameingia jimu mara mbili tatu mwezi wa nne, na aliyetumia huduma hujibiwa kwamba ameendelea kukubali au anadaiwa thamani ya alichotumia. Kwa yuro 70 hivi akaona amani ni bora. Mtu ambaye hakukanyaga kabisa baada ya kipindi cha kwanza ana hoja nzito zaidi, na muda wa kudai ni miaka mitatu unaohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao deni lilizaliwa na ukalijua.

## Kutoka kwenye mkataba

7. Notisi inaandikwaje? Wananiambia lazima niende na karatasi kaunta.

Si lazima. Kwa mikataba iliyosainiwa tangu 1 Oktoba 2016, masharti yaliyochapwa hayawezi kukudai zaidi ya maandishi ya kawaida, na barua pepe ni maandishi ya kawaida. Andika kwa Kijerumani hiki, inatosha:

```
Kündigung

Hiermit kündige ich meinen Vertrag, Mitgliedsnummer ...,
zum nächstmöglichen Zeitpunkt.
Bitte bestätigen Sie mir das Vertragsende in Textform.
```

Weka jina kamili, anwani na namba ya uanachama. Usieleze sababu; ukisema una shida ya pesa watakupigia simu kukupa punguzo, na punguzo hilo huja na kipindi kipya cha kwanza.

Kinachohesabiwa ni siku notisi ilipofika kwao, si siku uliyoituma. Na ukiulizwa, wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba ilifika. Wasipojibu barua pepe ndani ya wiki, tuma barua kwa rejista na uhifadhi risiti.

8. Nasikia kuna kitufe cha kuvunja mkataba mtandaoni. Kiko wapi?

Tangu 1 Julai 2022, kampuni inayokubali wateja wajiunge kwenye tovuti lazima iweke kwenye tovuti hiyo kitufe kilichoandikwa `Verträge hier kündigen` au maneno yaliyo wazi vilevile. Ukikibonyeza unafika ukurasa wa kujaza jina na mkataba, na mwishoni kitufe cha pili, `jetzt kündigen`. Hupaswi kulazimishwa kuingia kwanza na neno la siri. Mara moja upokee uthibitisho wenye tarehe na saa.

Kitufe ni chako hata kama ulisaini kaunta kwa kalamu, ilimradi mkataba wa aina hiyo unapatikana pia mtandaoni. Kitafute chini kabisa ya ukurasa, kwenye herufi ndogo za kijivu. Mimi jimu yangu ya kwanza niliyoikimbia walikuwa wamekiweka ndani ya ukurasa wa maswali, nyuma ya mshale unaofunguka. Piga picha ya kioo kabla na baada ya kubonyeza.

Kisipokuwepo kabisa, au kikiwa hakifanyi kazi, kifungu cha 312k kinakupa silaha kali: unaweza kuvunja mkataba wakati wowote bila notisi. Hapo picha ya ukurasa usio na kitufe, yenye tarehe, ndiyo ushahidi wako.

9. Si nizuie tu malipo benki na mambo yaishe?

Hili ndilo kosa linalowagharimu watu kuliko yote. Kuzuia malipo hakuvunji mkataba, kunazalisha deni. Miezi miwili ikipita, fomu nyingi zinadai malipo yote yaliyobaki kwa mkupuo, na faili linapelekwa kwa wakusanya madeni.

Mpangilio ni huu: notisi kwanza, uthibitisho wa tarehe ya mwisho, halafu unawaandikia kwamba ruhusa ya kukata kwenye akaunti inaisha siku hiyo. Wakikata tena baada ya hapo, ingia kwenye programu ya benki urudishe pesa. Makato ya moja kwa moja hurudishwa ndani ya wiki nane bila kutoa sababu, na yasiyokuwa na ruhusa hadi miezi 13.

10. Sina siku 14 za kubadili mawazo?

Unazo ikiwa ulijiunga mtandaoni au kwa simu. Ukisaini ndani ya jimu, huna. Wengi hushangaa kwa sababu wamezoea viatu vya mtandaoni. Neno la haki hii ni `Widerruf`, si `Kündigung`, na tofauti ni kubwa: la kwanza linaufuta mkataba tangu mwanzo, la pili linaumaliza mbele ya safari. Kama kampuni haikukueleza haki hii ipasavyo, siku 14 hizo zinasogezwa hadi mwaka mmoja na siku 14.

## Programu za simu

11. Nimefuta programu kwenye simu lakini bado nakatwa. Na jaribio la bure liligeuka la kulipia bila kuniuliza.

Kufuta programu ni kama kutupa kadi ya jimu pipani. Mkataba uko palepale. Kwanza tazama nani anakukata. Jina kwenye taarifa ya benki likiwa la Apple au Google, unasitisha kwenye akaunti yako kwao: kwenye iPhone gusa jina lako ndani ya mipangilio, kisha `Abonnements`, kwa Google ni ndani ya Play, sehemu ya usajili. Fanya hivyo angalau saa 24 kabla ya siku ya kukatwa. Jina likiwa la kampuni yenyewe, rudi swali la 8.

Kuhusu jaribio la bure, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 5 Oktoba 2023, katika kesi namba C-565/22, kwamba siku 14 za kujitoa zinatolewa mara moja tu, mwanzoni mwa jaribio, hata kama baadaye linageuka la kulipia. Lakini hiyo ni ikiwa uliambiwa kwa uwazi, wakati wa kujiunga, kwamba baada ya siku za bure utalipa na ni kiasi gani. Kama hukuambiwa hivyo, unapata siku 14 nyingine pale malipo yanapoanza. Kwa hiyo rudi kwenye barua pepe ya kukukaribisha. Ikitaja bure, bure, bure, na bei haionekani popote, una la kusema.

Na bei ikipandishwa katikati? Sharti linalomruhusu mtoa huduma kupandisha peke yake, bila kujibana kushusha gharama zake zikishuka, halisimami kirahisi. Mwezi Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya Berlin ilikataa masharti ya namna hiyo ya Netflix na Spotify.

## Mambo yasiyo ya kawaida

12. Nahama mji, au narudi nyumbani Afrika. Mkataba unavunjika?

Kwa jimu, hapana, na jibu hili huwaudhi watu. Tarehe 4 Mei 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisikiliza kesi ya kijana aliyesaini jimu Hannover, akawa mwanajeshi na kupangiwa miji mingine. Alishindwa. Mahakama ilisema kuhama, hata kwa sababu ya kazi, ni hatari ya mteja, maana ndiye aliyechagua mkataba mrefu kwa bei nafuu.

Kabla ya kukubali kulipa, soma fomu yako: baadhi zinatoa ruhusa ya kutoka kwa anayehama umbali fulani. Anayeondoka Ujerumani kabisa hana haki ya moja kwa moja pia, ingawa jimu nyingi huachilia zikionyeshwa cheti cha kufuta makazi, `Abmeldebestätigung`. Ni hisani. Iombe kwa lugha ya hisani.

13. Nimeumia goti, au nina mimba.

Hapa kifungu cha 314 kinafanya kazi: mkataba wa muda mrefu unaweza kuvunjwa papo hapo kwa sababu nzito, na sharti lililochapwa haliwezi kukunyima haki hiyo. Ugonjwa uwe wa kukuzuia mazoezi kwa muda wote uliobaki, si mafua ya wiki mbili. Barua ya daktari iseme tu kwamba huwezi kufanya mazoezi mpaka lini. Jina la ugonjwa si lao kulijua.

Tuma mapema baada ya kujua. Ukinyamaza nusu mwaka huku ukilipa, watasema sababu haikuwa nzito hivyo. Kwa mimba, majaji wa ngazi za chini wamekuwa wakitofautiana kati ya kuvunja na kusimamisha kwa muda, na wengi humaliza kwa kusimamisha.

14. Jimu yenyewe imefungwa lakini inaendelea kukata, ikisema miezi hiyo itaongezwa mwishoni.

Wakati wa korona swali hili lilifika hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho. Mteja alikuwa na mkataba wa miezi 24 kwa yuro 29.90, na jimu ilifungwa kuanzia 16 Machi hadi 4 Juni 2020. Tarehe 4 Mei 2022 mahakama iliamua arudishiwe yuro 86.75 za kipindi hicho, na kwamba jimu haiwezi kumlazimisha kukubali miezi ya nyongeza. Mwezi ukipita haurudi. Mazoezi ya Aprili hayafanyiki Oktoba. Hoja hiyo inafaa pia pale ukarabati unapofunga jimu nzima.

15. Nimepokea barua ya wakusanya madeni. Nimeogopa. Wanaweza kuniharibia rekodi yangu ya ulipaji madeni kwa Schufa?

Barua ya wakusanya madeni ni barua tu, hata ikiandikwa kwa herufi nyekundu. Jibu kwa maandishi kwamba unapinga deni na utaje sababu, kwa mfano kifungu cha swali la 3. Pingamizi hilo lina kazi mbili, kwa kuwa deni lisilo na hukumu ambalo mteja analipinga halipaswi kupelekwa Schufa. Anayenyamaza ndiye anayejiweka hatarini. Ukitaka mtu wa kukusomea faili, kila jimbo lina Verbraucherzentrale, kituo cha kuwashauri watumiaji, na ada yao ni ndogo kuliko ya wakili.

Kitu cha kuogopa kweli ni bahasha ya manjano yenye tarehe iliyoandikwa juu yake na mtu wa posta. Hiyo inatoka mahakamani, na ndani mna `Mahnbescheid`, amri ya kulipa deni. Mahakama haijachunguza kama deni ni la kweli. Imepitisha tu dai la upande mmoja. Una wiki mbili tangu tarehe hiyo. Ndani kuna fomu ya kupinga: weka alama kwamba unapinga dai lote, tia saini, irudishe. Kupinga ni bure na hakuhitaji sababu. Usitupe bahasha hiyo. Tarehe iliyoandikwa juu yake ndiyo inayoanzisha hesabu.